Uoto wa nyanda kame baada ya ukame: maswali kuhusu ukinzani, muda wa kurejea na fahirisi za ustahimilivu

Maswali haya huulizwa tena na tena na wanafunzi wa uzamili, maafisa wa malisho wa kaunti na watu wa mashirika wanaofika Nairobi kujifunza kazi ya picha za setilaiti. Mifano mingi inatoka kwenye tambarare za Athi na Kaputiei, kusini mwa jiji, kwa sababu unaweza kutoka mjini asubuhi, ukakague nyasi, na urudi jioni. Ukame unaotajwa zaidi ni ule wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022.

## Mambo ya msingi

Ukinzani, kurejea na ustahimilivu vinatofautianaje?

Ukinzani ni kiasi ambacho uoto haukushuka ukame ulipoupiga. Muda wa kurejea ni kipindi kinachopita kabla uoto haujafika tena kwenye hali yake ya kawaida. Ustahimilivu ni jina la jumla, na hapo ndipo mabishano huanza: wengine hulitumia kwa kasi ya kurejea peke yake, wengine kwa hali ya mwisho ikilinganishwa na ya mwanzo. Ukisoma ripoti inayosema eneo fulani lina "ustahimilivu mkubwa", tafuta kwanza fomula iliyotumika. Bila fomula, sentensi hiyo haijakuambia kitu.

Vichaka vya migunga mara nyingi hushuka kidogo tu, kwa sababu mizizi yake inafika chini kuliko ya nyasi. Nyasi hushuka sana, lakini zikipata mvua huchipua ndani ya wiki chache. Kwa hiyo ukinzani mkubwa na kurejea haraka si lazima vikae mahali pamoja, na ukivichanganya katika namba moja unapoteza habari uliyoitafuta.

Nianze na data gani?

Kwa uoto, wengi huanza na NDVI, kipimo cha kijani cha mimea kutoka angani, ya kihisi cha setilaiti kiitwacho MODIS, bidhaa iitwayo `MOD13Q1`. Inatoa thamani moja kila siku 16 tangu Februari 2000, na pikseli yake ina upana wa takriban mita 250, yaani zaidi ya hekta 5. Thamani zilizohifadhiwa unazizidisha kwa 0.0001 ili upate NDVI yenyewe. Kwa mvua kuna CHIRPS, inayoanzia 1981, ambayo huunganisha setilaiti na vituo vya mvua. Pikseli yake ina upana wa kama kilomita 5 na nusu, jambo litakalokusumbua baadaye (tazama swali la mvua zisizolingana).

NDMA hutoa VCI kila mwezi. Si inatosha?

VCI inakuambia uoto wa sasa uko wapi kati ya kiwango cha chini na cha juu kabisa vilivyowahi kuonekana mahali hapo katika kipindi kile kile cha mwaka. NDMA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Ukame, huitumia kwa wastani wa miezi mitatu, na chini ya 35 eneo linahesabiwa kuwa na ukame wa uoto. Ni kipimo kizuri cha tahadhari. Lakini hakijui mvua imenyesha kiasi gani, hakijui uoto ulikuwaje kabla, na mipaka yake yote miwili imewekwa na miaka ya kupita kiasi. Msimu mmoja wa mafuriko unaweza kuinua kiwango cha juu na kuzifanya thamani zote za baadaye zionekane hafifu. Itumie kujua ukame umefika, si kupima jinsi uoto ulivyoustahimili.

## Kabla ya kukokotoa

Nilinganishe na "kawaida" ipi?

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fahirisi maarufu za ukinzani zilitoka kwa watafiti wa pete za miti, ambao huchukua wastani wa miaka michache kabla ya ukame. Ukifanya hivyo kwa ukame wa 2020 hadi 2022, miaka yako ya kabla itaingia vuli ya 2019, iliyokuwa na mvua nyingi mno Afrika Mashariki kwa sababu ya joto la Bahari ya Hindi upande wa magharibi. Utakuwa unalinganisha ukame na mafuriko. Ukinzani utaonekana mdogo kuliko ulivyo, na kurejea kutaonekana kumekwama, ilhali nyasi zimesharudi zilipokuwa miaka mingi.

Ninachopendekeza ni namba ya katikati ya msimu ule ule kuanzia 2001 hadi 2019: masika kwa masika, vuli kwa vuli. Namba ya katikati haiyumbishwi na mwaka mmoja wa mvua kubwa wala na ukame wa 2010 na 2011. Wapo wanaoondoa miaka yote ya ukame kwanza. Mimi siifurahii njia hiyo kwa nyanda kame, kwa maana ukame ni sehemu ya kawaida yake, na ukiuondoa unabaki na kawaida ambayo mfugaji hajawahi kuishi ndani yake.

Ukame ulianza na kuisha lini?

Tarehe hizi zitoke kwenye mvua, zisitoke kwenye NDVI. Ukisema ukame umeisha pale kijani kiliporudi, basi muda wa kurejea utakuwa sifuri kila mahali kwa sababu ya tafsiri yako mwenyewe. Tumia fahirisi ya mvua ya SPI ya miezi mitatu, au SPEI inayohesabu pia maji yanayopotea kwa joto, weka kiwango chako, na ukiandike. Kwa ukame huu, maeneo mengi yalianza kutoka kwenye upungufu na masika ya 2023, lakini si yote kwa wiki moja, kwa hiyo kokotoa kwa kila eneo.

Kumbuka pia kwamba uoto hufuata mvua kwa kuchelewa takriban mwezi mmoja. Msimu wa kijani wa masika ninauhesabu Aprili hadi Juni, na wa vuli Novemba hadi Januari.

Kwa nini mnasema nitoe NDVI ya udongo kwanza?

Kwa sababu ardhi tupu haisomi sifuri. Mara nyingi husoma kati ya 0.1 na 0.2, na udongo mweusi wa tambarare za Kaputiei hausomi sawa na udongo mwekundu wa miteremko. Kama eneo limeshuka kutoka 0.42 hadi 0.21, ukigawanya moja kwa moja utasema limebakiza nusu ya uoto. Lakini kama udongo wenyewe ni 0.15, kilichobaki ni 0.06 kati ya 0.27, chini ya robo. Nusu na robo ni hadithi mbili tofauti kabisa kwa mtu mwenye mifugo.

Kiwango cha udongo unaweza kukipata kwa kuchukua thamani za chini kabisa za eneo hilo hilo mwishoni mwa kiangazi, miaka yote. Palipo na miti mingi njia hii haifai, kwa kuwa hata kiangazi majani yapo. Hapo tafuta sehemu tupu ya udongo wa aina ile ile iliyo jirani.

## Hesabu zenyewe

Naomba mfano mmoja kamili wa fahirisi zikilinganishwa.

Namba hizi ni za kufundishia, lakini zimepangwa zifanane na zile zinazoonekana tambarare. Eneo A ni nyasi tupu, eneo B ni vichaka vya migunga. Zote ni wastani wa NDVI wa msimu wa masika, kabla ya kutoa udongo.

```
              A      B
kawaida     0.42   0.38
masika 2022 0.21   0.30
masika 2023 0.40   0.34
```

Familia ya kwanza ni ya Lloret na wenzake, ya 2011. Inagawanya tu:

```
ukinzani     Rt = ukame / kabla
kupona       Rc = baada / ukame
ustahimilivu Rs = baada / kabla
```

Eneo A linapata ukinzani 0.50, kupona 1.90, ustahimilivu 0.95. Eneo B linapata 0.79, 1.13 na 0.89. Kwa maneno mengine, B ilihimili vizuri zaidi na A imerudi vizuri zaidi.

Familia ya pili ni ya Isbell na wenzake, ya 2015, ambayo hutazama umbali kutoka kwenye kawaida:

```
ukinzani     = kawaida / |ukame - kawaida|
ustahimilivu = |ukame - kawaida| / |baada - kawaida|
```

Ukinzani wa A ni 2.0 na wa B ni 4.75. Ustahimilivu wa A ni 10.5, wa B ni 2.0. Mpangilio ni ule ule, ila sasa A inaonekana mara tano zaidi ya B, wakati kwa Rs tofauti ilikuwa ndogo sana.

Kipimo cha tatu ni rahisi: ni sehemu gani ya kilichopotea imerudishwa? A ilipoteza 0.21 na kurudisha 0.19, yaani asilimia 90. B ilipoteza 0.08 na kurudisha 0.04, yaani asilimia 50. Uzuri wake ni kwamba NDVI ya udongo hujifuta yenyewe kwenye kutoa, kwa hiyo kosa la swali lililotangulia haliingii.

Basi fahirisi ipi ni bora, na kwa nini zinapishana?

Kila moja ina udhaifu wake, na udhaifu huo ndio unaoleta tofauti.

Rc ya Lloret imefungwa na Rt: ukizidisha Rt kwa Rc unapata Rs. Maana yake ni kwamba maeneo mawili yakiishia mahali pamoja, lililoanguka zaidi litapata Rc kubwa zaidi, hata kama halina sifa yoyote ya pekee. Nimeona grafu nyingi zikionyesha kwamba "maeneo yenye ukinzani mdogo hupona vizuri zaidi", na mwandishi akaieleza kwa mizizi na mbegu. Kabla ya kueleza chochote, changanya namba zako za kabla, ukame na baada kiholela na uchore grafu ile ile. Mteremko utajitokeza hata kwenye namba zilizochanganywa. Ni ile ziada juu ya mteremko huo pekee inayohitaji maelezo ya kiikolojia.

Ustahimilivu wa Isbell una tatizo lingine: kigawanyo kinakaribia sifuri eneo linapokaribia kawaida. Badala ya 0.40, tuseme A imesoma 0.41. Fahirisi inaruka kutoka 10.5 hadi 21. Tofauti ya 0.01 ni ndogo kuliko kosa la kawaida la NDVI ya MODIS, ambalo ni takriban 0.02. Tena, kwa kuwa inachukua umbali bila kujali upande, eneo lililopita kawaida na kufika 0.44 linapata alama sawa na lililobaki 0.40. Fahirisi hii ilibuniwa kwa majaribio ya mashamba ya nyasi yenye marudio mengi, na ukiitumia kwenye pikseli moja moja za nyanda kame, ramani yako itajaa madoa yasiyo na maana. Chukua logi yake na uifanyie kazi kwa wastani wa maeneo makubwa, au iache.

Ushauri wangu: ripoti ukinzani kwa NDVI iliyotolewa udongo, ripoti sehemu iliyorudishwa, na ripoti muda wa kurejea. Namba tatu, safu tatu. Palipo na ukame mdogo ambapo eneo halikushuka zaidi ya 0.05, usiripoti kurejea kabisa, kwa sababu hakuna kilichoanguka kiasi cha kupimika.

Muda wa kurejea unapimwaje hatua kwa hatua?

Amua kiwango (mimi hutumia asilimia 90 ya kawaida baada ya kutoa udongo), amua kibaki juu ya kiwango hicho kwa muda gani, kisha hesabu kuanzia tarehe mvua ilipomaliza ukame. Sharti la kubaki ni muhimu. Mvua moja kubwa ya siku tatu huweza kuinua kijani kwa picha mbili, kisha jua likakirudisha chini.

```python
ok = (ndvi - ardhi) >= 0.9 * (kawaida - ardhi)
ok = ok.loc[mwisho_wa_ukame:]
ok = ok[ok.index.month.isin([4, 5, 6, 11, 12, 1])]
sita = ok.rolling(6).sum() == 6
tarehe = sita.idxmax() if sita.any() else None
```

Mstari wa tatu unabakiza miezi ya kijani peke yake. Bila huo, kiangazi kitakudanganya: Agosti kawaida ni 0.19 na udongo ni 0.15, kwa hiyo tofauti yote ni 0.04, na karibu kila pikseli "imerejea" au "haijarejea" kwa bahati tu. Mstari wa mwisho nao usiufupishe. `idxmax` ikikosa jibu lolote la ndiyo hurudisha tarehe ya kwanza, na maeneo ambayo hayajapona kabisa yataandikwa kuwa yamepona siku ya kwanza. Tarehe inayotoka ni ya picha ya sita, kwa hiyo rudi nyuma picha tano kupata mwanzo wa kurejea.

Kwa kuwa mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, ni bora kuandika jibu kwa misimu: limerejea katika msimu wa kwanza wa mvua, wa pili, au wa tatu. Kuandika "siku 112" kunaonyesha uhakika ambao data za siku 16 hazina.

Na zile njia za kupima kumbukumbu ya uoto, kama uhusiano wa mwezi huu na uliopita?

Hizo hazihitaji ukame mmoja mahususi. Unatoa mabadiliko ya misimu, kisha unaangalia upungufu wa mwezi huu unafuata wa mwezi uliopita kwa kiasi gani. Ukifuata sana, uoto unarejea polepole. Tatizo ni kwamba mvua nayo ina kumbukumbu yake, kwa hiyo weka SPEI ndani ya mlinganyo pamoja na NDVI iliyopita, na usome namba ya NDVI peke yake. Mawingu ya masika nayo hupunguza uhusiano huo kwa makosa ya kipimo, na eneo lenye mawingu mengi litaonekana la kurejea haraka bila sababu. Ninaitumia kama ushahidi wa pili.

## Hali zenye utata

Maeneo yangu hayakupata mvua sawa baada ya ukame. Naweza kuyalinganisha?

Si moja kwa moja, na hili ndilo swali ningependa kila mtu aulize kabla ya kuchora ramani. Eneo likipata mvua mara mbili ya jirani yake halijaonyesha ustahimilivu kwa kuwa kijani zaidi. Limenyeshewa tu.

Turudi kwenye A na B. Tuseme masika ya 2023 A ilipata milimita 310 na B ilipata 190. Kwa kila eneo, chukua misimu ya masika ya 2001 hadi 2019 na uchore NDVI ya msimu dhidi ya mvua ya msimu. Mstari huo unakuambia NDVI gani ilitarajiwa kwa mvua ile. Tuseme kwa A mstari unasema 0.46 na kwa B unasema 0.33. A ilisoma 0.40, yaani iko 0.06 chini ya ilichostahili kutoa. B ilisoma 0.34, imefikia matarajio na kuyapita kidogo. Mpangilio wetu wote wa mwanzo umegeuka: eneo lililorudisha asilimia 90 ndilo lenye jeraha, na lililorudisha asilimia 50 liko sawa, linangoja mvua tu.

Upungufu huo wa A ndio unaofaa kufuatwa msimu baada ya msimu. Ukipungua taratibu, nyasi zinajijenga upya. Ukibaki pale pale hata baada ya mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa 2023, mashaka ni kwamba nyasi za kudumu zimekufa au udongo wa juu umeondoka.

Mipaka yake ni miwili. Mvua za nyanda kame hunyesha kwa mabaka, na pikseli ya CHIRPS inaweza kuchanganya upande uliolowa na uliobaki mkavu, kwa hiyo tumia wastani wa maeneo mapana kidogo. Halafu mstari haupaswi kuwa mnyoofu kwenye mvua nyingi, kwa sababu baada ya kiasi fulani maji ya ziada hayaongezi majani. Misimu 19 haitoshi kwa mkunjo mgumu, lakini inatosha kwa mstari unaopinda mara moja.

Setilaiti inasema pamerejea, wafugaji wanasema hakuna malisho. Nani amekosea?

Mara nyingi hakuna aliyekosea. NDVI hupima kijani, haijui kijani cha nini. Baringo na Garissa kinaweza kuwa mathenge. Laikipia kinaweza kuwa dungusi, ambayo hubaki kijani katikati ya ukame na kuupa ukinzani wako alama ya juu. Kajiado kuna mimea ya jamii ya Ipomoea, inayofunika ardhi baada ya mvua na kuzisonga nyasi.

Nenda ukaangalie. Chukua fremu ya mita moja kwa moja, iweke chini, piga magoti. Baada ya ukame mrefu utakuta mashina ya nyasi za kudumu yakiwa ya kijivu. Yashike na kuyavuta: lililo hai linakataa na lina weupe chini kabisa, lililokufa linakuja mkononi na vumbi lake. Kati ya mashina hayo kuna vijani vyembamba vya nyasi za msimu mmoja na magugu ya majani mapana, na kutoka angani hivyo vyote ni NDVI ile ile. Hesabu mashina hai na yaliyokufa katika fremu 20 au 30 zilizotawanywa ndani ya pikseli, na utajua kama kijani hicho kitadumu kiangazi.

Unaweza kuona dalili hata ukiwa ofisini. Nyasi za msimu hupanda kwa kasi na kukauka mapema. Kama kilele kimerudi lakini msimu wa kijani umefupika kwa wiki mbili au tatu kwa mvua zinazofanana, aina ya mimea imebadilika.

Pikseli kadhaa karibu na Kitengela hazijarejea kamwe. Ni uharibifu wa ardhi?

Angalia kwanza picha za karibu za kila mwaka. Huenda ni nyumba, barabara, machimbo au paa za mabati. Pikseli za aina hiyo hushuka ghafla na kubaki chini, misimu yote miwili, mvua ije isije. Kinyume chake, shamba la umwagiliaji huonyesha ukinzani wa ajabu. Ziondoe zote kabla ya kukokotoa wastani.

Nifanye nini na maeneo yaliyopigwa na ukame mwingine kabla hayajapona?

Usiyatupe, na usiyaandikie muda wa bandia. Ukiyatupa, wastani wako utatoka kwa yale yaliyopona haraka tu. Yaandike kama "hayajarejea hadi tarehe hii" na utumie mbinu ya Kaplan na Meier, ile wanayotumia madaktari kwa wagonjwa ambao ufuatiliaji wao ulikatika. Badala ya wastani, ripoti msimu ambao nusu ya maeneo yalikuwa yamerejea. Kama nusu haijafika, basi ripoti hivyo hivyo.

Mwelekeo wa NDVI yangu baada ya 2022 unaonekana wa ajabu kidogo. Ni uoto au ni setilaiti?

Inaweza kuwa setilaiti. Terra, inayobeba MODIS ya `MOD13Q1`, iliacha kurekebisha saa yake ya kupita mwaka 2020, na tangu hapo inapita mapema zaidi asubuhi kadiri miaka inavyokwenda. Jua likiwa chini zaidi, vivuli na mwanga wa uoto hubadilika, na hilo linaangukia hasa kipindi chetu cha kurejea. Rudia hesabu kwa VIIRS, bidhaa `VNP13A1`, inayoanzia 2012. Pikseli zake ni za mita 500 na kawaida yake itabidi iwe fupi, kwa hiyo usizilinganishe thamani zenyewe. Linganisha msimu wa kurejea unaotoka kwa kila moja. Zikipishana kwa zaidi ya msimu mmoja, eneo hilo lisiingie kwenye ramani mpaka mtu aende na fremu.